Karatasi moja inasema Faida, nyingine inasema Faraji: huyu babu ni mmoja au wawili?

Mjukuu wa Mwera
Wakuu, salaam. Bibi yetu alifariki mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu. Juzi tumefungua sanduku lake, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kanga iliyochakaa, tumekuta karatasi tatu.

Ya kwanza ni ya Kiarabu, ya mwaka 1317 wa Hijria. Tulimpelekea mwalimu mmoja wa madrasa akatusomea. Ni rehani ya shamba dogo la mikarafuu, na anayeweka rehani ameandikwa "Faida, atiki wa" fulani. Jina la huyo fulani silitaji hapa, ukoo wake upo na tunazikana nao.

Ya pili ni risiti ya miaka ya 1920, imeandikwa kwa herufi za Kizungu: "Faida Abdulla".

Ya tatu ni cheti cha ndoa cha mama yake bibi, mwaka 1931. Bibi harusi ni Mwanaisha binti Faraji bin Abdallah.

Maswali yangu ni haya. Faida na Faraji ni mtu mmoja? Na hilo neno "atiki" mwalimu alilipita haraka haraka, nilipomuuliza akasema "ni mtu aliyeachiwa". Aliachiwa na nani, na Abdallah katokea wapi kama karatasi ya kwanza haina baba?

Fundi Simu wa Mlandege
Mkuu usihangaike. Majina yakitofautiana kwenye vyeti unakwenda kwa wakili unaapa kiapo cha jina, unapeleka kwenye vitambulisho, wiki mbili umemaliza. Mimi cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Saidi na cha shule Seif, nilihangaika kupata pasipoti miezi minane bure.

Mjukuu wa Mwera
Haha ahsante mkuu, ila mwenye majina alishakufa kabla ya vita vya Hitla. Kiapo ataapa nani?

Jicho la Tatu
Iko wazi hii. Atiki ni mtumwa aliyepewa uhuru. Huyo babu alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwa hawapewi majina ya watu, walipewa majina ya siku walizonunuliwa: Juma, Khamis, Jumanne, Jumatatu. Au majina ya bidhaa. Ukiona mtu anaitwa Juma hapa pwani, ujue kwao kuna historia.

Kimya Kingi
Ndiyo tatizo la hizi nyuzi. Sasa kila Juma awe mtumwa? Kuna mambo wazee waliyafunika kwa makusudi. Hilo sanduku lilikuwa limefungwa miaka yote hiyo kwa sababu. Mleta uzi, mzike bibi yako na karatasi zake.

Mzee wa Nyaraka
Jicho la Tatu umepatia nusu, ila nusu uliyokosea ni kubwa. Juma na Khamis walikuwa nayo waungwana na watumwa vilevile. Mtoto akizaliwa Ijumaa aliitwa Juma awe wa sultani au wa mpagazi. Kwa jina hilo peke yake hupati kitu.

Majina yaliyokaa zaidi upande wa watumwa yalikuwa ya aina mbili hivi. Kuna yale ya vitu vya thamani, ambayo Waarabu walikuwa nayo karne nyingi kabla ya mikarafuu kupandwa Unguja: Almasi, Feruzi, Marjani, Yakuti, Ambari, Kafuri, na kwa wanawake Zafarani na Lulu. Misri ya karne ya 10 ilitawaliwa na mtu mweusi aliyeanza kama mtumwa, akiitwa Kafuri. Kafuri ni nyeupe pe, na aliyempa jina hilo alijua anachokifanya. Halafu kuna majina ya heri: Mabruki, Baraka, Bahati, Kheri, Farajallah, na hilo lako, Faida.

Tazama hayo ya heri yanamsema nani. Mzazi akimwita mwanawe Bahati, anamwombea mtoto. Mtu aliyetoka sokoni na kijana mgeni akamwita Faida, anajiombea yeye. Faida ya nani? Si ya kijana.

Kwenye karatasi yako, jina la Faida si kitu cha kwanza ambacho mtu wa wakati ule angelitazama. Angelitazama kinachofuata. Muungwana angeandikwa Faida bin fulani bin fulani. Babu yako kaandikwa Faida, halafu linakuja jina la bwana. Pale pa baba amekaa mmiliki. Risiti ya pili mmiliki katoka, kaingia Abdallah. Hapo ndipo babu alipobadili jina kwa mara ya kwanza, kabla hajafika kwenye Faraji, kama Faraji ni yeye.

Mjukuu wa Mwera
Nimesoma hii mara tatu. Kwa hiyo Abdallah si baba yake?

Ustadh wa Barazani
Assalaam alaykum. Niingie hapo kwenye Abdallah.

Katika ulimwengu wa Kiislamu ilikuwa desturi ya zamani, mtu ambaye baba yake hajulikani, au baba hakuwa Mwislamu, kuandikwa bin Abdallah. Maana yake ni mtumwa wa Mungu, na kila baba ni mtumwa wa Mungu, kwa hiyo mwandishi hajasema uongo. Lakini tahadhari: Abdallah pia ni jina la watu wengi kabisa, akiwemo baba yake Mtume (s.a.w.). Kila bin Abdallah si atiki. Kwa karatasi hii inaelekea hivyo, kwa sababu ya karatasi iliyotangulia.

Wengi tunasahau Suratul Ahzab aya ya 5: waiteni kwa baba zao, na kama hamuwajui baba zao basi ni ndugu zenu katika dini na mawali wenu. Iliteremka kwa ajili ya Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachiwa huru, na watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad. Akarudishiwa jina la baba yake mzazi. Kumbeba mtu kwa jina la bwana badala ya baba ni jambo lililokatazwa zamani sana, na pwani yetu ikalifanya tu.

La pili ni juu ya Faida. Katika Sahih Muslim kuna hadithi inayokataza kumwita kijana wako majina kama Rabah, Yasar, Najih na Aflah. Rabah ndiyo hiyohiyo faida. Na sababu imetajwa: utauliza, yupo? Akiwa hayupo utajibiwa, hayupo. Yaani unasimama mlangoni unauliza "Faida yupo?" na nyumba nzima inakujibu "hapa hakuna faida".

Jicho la Tatu
Ustadh hiyo nimecheka peke yangu kwenye daladala. Basi nakubali kwa Juma. Ila si walichukua majina ya mabwana zao? Kama Wamarekani weusi, wote wana majina ya mabwana.

Dada wa Baltimore
Jicho, si wote. Naishi Maryland, jimbo alikozaliwa Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpigania uhuru wa watumwa, kwa hiyo nimechukuliwa na ziara za wanafunzi mpaka basi.

Yeye alizaliwa Frederick Augustus Washington Bailey, na Bailey ilikuwa ya upande wa mama, si ya bwana. Alipotoroka mwaka 1838 alijiita Johnson asikamatwe. Alipofika New Bedford akakuta akina Johnson wamejaa, hata mwenyeji wake alikuwa Johnson. Akamwambia mwenyeji anichagulie jina jingine, ila Frederick usiiguse. Mwenyeji alikuwa anasoma utenzi wa Kiskoti, akamtolea Douglas humo. Jina la kwanza alilozoea kuitiwa tangu utoto aliling'ang'ania, la ukoo akaliachia bahati nasibu.

Wako waliochukua jina la bwana, na wengine walichukua la bwana wa zamani, yule wa kabla hawajauzwa, ili ndugu waliotawanyika wajuane. Kwa hiyo hata jina la bwana halikuwa lazima kumsifu bwana.

Mzee wa Nyaraka
Dada umenisaidia, maana huku kwetu kuna tofauti moja kubwa na sababu yake ni mirathi.

Kwa sheria ya dini, anayemwacha mtu huru anabaki na haki juu yake. Atiki akifa hana warithi wa damu wa kuimaliza mali, inayobaki inakwenda kwa aliyemwacha huru, au kwa ukoo wake. Na mwanamke aliyeachiwa huru, kama hana baba wala kaka, walii wake wa kumwoza ni huyohuyo bwana wa zamani. Kwa hiyo maneno "atiki wa fulani" hayakuwa kumbukumbu tu. Yalikuwa yanasema shamba hili litakwenda wapi mwenyewe akifa, na binti huyu ataozwa na nani. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Unguja na Mombasa, koo za mabwana zilikuwa zinakwenda mahakamani kudai nyumba na mashamba ya watu waliowaachia huru miaka mingi nyuma.

Sasa wewe ni Faida, umepata mikarafuu yako michache kwa jasho. Ungeendelea kuandikisha "atiki wa"?

Kuhusu mwaka wako: 1317 inaanza Mei 1899 na kwisha Aprili 1900. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka tarehe 6 Aprili 1897. Kwa amri ile hakuna aliyeamka asubuhi akajikuta huru. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe, na aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa kabisa mpaka 1909. Wako waliopenda zaidi bwana mwenyewe awaandikie huru kwa njia ya dini, maana karatasi ya serikali kwa majirani wengi haikuwa na uzito huo. Neno "atiki" likifuatiwa na jina la mtu linaelekeza huko: huyu aliachiwa na bwana.

Kimya Kingi
Na faida yake nini kuyajua haya leo? (Samahani kwa hilo neno.) Mimi nimeona harusi imevunjika kwa sababu mtu mmoja alikumbuka babu wa mwenzie alikuwa anaitwa nani. Mwaka 2009, si zamani.

Binti wa Fumba
Kimya Kingi pole, na naelewa. Lakini mbona mwimbaji mkubwa kuliko wote aliyepata kutoka visiwani tunamjua alianza na jina gani, na hakuna kilichovunjika?

Siti binti Saad alizaliwa kwetu Fumba kwenye mwaka 1880 hivi, baba Mnyamwezi, mama Mzaramo, na jina lake lilikuwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alikuwa anatembeza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na huko mjini ndiko jina la Siti lilipomkalia. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na kwenye santuri ni Siti. Toka Mtumwa mpaka Siti, huwezi kupanda ngazi ndefu kuliko hiyo kwa neno moja.

Mzee wa Nyaraka
Na tazama alichokibakiza. Alikuwa na baba anayejulikana, binti Saad ikabaki mpaka kaburini mwaka 1950. Kwake jina la kwanza ndilo lililouma.

Ustadh wa Barazani
Kwa Mtumwa mimi nasita kidogo. Limetoka kwenye kutuma, kama Mtume. Nimemjua bibi mmoja Makunduchi, mtu wa ukoo wa Kihadimu kabisa, akiitwa Mtumwa, kwa sababu wakubwa zake wanne walikufa wachanga. Mtoto akiitwa jina la kudharaulika, husuda inampita. Sisemi Siti ilikuwa hivyo. Nasema jina peke yake halitoshi.

Binti wa Fumba
Ustadh, kwetu hilo la kinga lipo. Lakini mtoto wa watu waliotoka bara, miaka ileile, ukimwita Mtumwa, majirani watasikia kinga au watasikia mtumwa?

Ustadh wa Barazani
Hapo sina jibu.

Mkisauni
Hamjambo ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Nyinyi mwazungumza majina ya Kiarabu, huku kwetu Frere Town ni kinyume chake. Hawa walookolewa baharini na manowari za Waingereza miaka ya 1870, jina la mtumwa waliondolewa na la mzazi halikurudishwa. Walibatizwa.

Kuna Myao mmoja alozaliwa Chengwimbe. Alitekwa mdogo, jahazi likakamatwa, akapelekwa Bara Hindi kwenye shule ya misheni karibu na Nasik pamoja na wenzake. Huko akawa Matthew Wellington. Wellington alikuwa jemadari wa Waingereza aliyempiga Napoleoni, sasa jemadari huyo na mtoto wa Kiyao wana udugu gani? Ndiye mmoja katika walobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani mwaka 1873 na 1874. Akaishi hapa Mombasa akafa mzee sana mwaka 1935, bado Wellington. Chengwimbe tunalijua kwa sababu hakulisahau, alihadithia.

Ndipo mimi nauliza: huyu aliyepewa jina na waliomkomboa, je, huko si kupewa jina vilevile?

Jicho la Tatu
Swali zito hilo.

Mkisauni
Lakini ziko nyumba zilizofanya vingine. Chukua mwandishi wetu James Juma Mbotela. Soma jina hilo polepole. James ni la misheni. Juma ni la pwani. Mbotela ni baba yake, alotekwa akaletwa huku. Mtoto wa mateka kabeba jina la mateka kwa herufi kubwa likawa jina la ukoo mzima, hadi mtangazaji Leonard Mambo Mbotela tulomsikia redioni miaka na miaka. Kenya nzima imelitamka jina hilo na wengi hawajui lilifikaje Mombasa.

Kwetu sisi halikusalia. Babu wa babangu alikuwa na jina la bara, akabatizwa jina la Kizungu, na jina la Kizungu ndilo ukoo wetu mpaka leo. Shuleni waalimu walidhani ni chotara. Nilikwenda kanisani kutazama daftari la ubatizo, nikapata jina la Kizungu, mwaka, na neno "Nyasa". Basi. Pale pa baba pana mstari mtupu.

Mtoto wa Kwihara
Mmenikumbusha Kalulu. Mwaka 1871 hapa Tabora mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimzawadia Stanley, yule msafiri Mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone, kijana mtumwa. Jina la yule mtoto Stanley aliliandika kama Ndugu Mali, akaeleza kuwa ni mali ya ndugu yangu. Faida na Mali, ndugu moja hao!

Stanley hakulipenda, akawaita watu wa msafara wamtafutie jina zuri zaidi. Wakaanza kupendekeza mmoja mmoja, huyu hili, yule lile, mtoto kasimama katikati anatazamwa kama ng'ombe mnadani, mpaka wakakubaliana Kalulu, mnyama mdogo mwepesi. Na wengi katika hao waliokuwa wanachagua walikuwa na majina ya kupewa wao wenyewe. Mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay: Sidi kwa sababu Wahindi ndivyo walivyowaita Waafrika, Mubarak ni ileile Mabruki, na Bombay ni mji alikopelekwa. Myao yule, jina alilopewa na mama yake halimo humo popote.

Kalulu alikufa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, angali kijana. Hakufika umri wa kujichagulia.

Mjukuu wa Mwera
Jamani, nilikuja na karatasi tatu sasa nimebaki na mawazo mia. Turudi kwa babu. Mzee wa Nyaraka, nitajuaje kama Faida na Faraji ni mmoja? Mwalimu wa madrasa anasema labda mwandishi wa cheti cha ndoa alisoma vibaya.

Mzee wa Nyaraka
Hapana. Ingekuwa Mabruki na Mubaraka ningekubali, ni herufi zilezile za asili na makarani walikuwa wanazichanganya kila siku. Faida na Faraji kwa herufi za Kiarabu zinafanana fe ya mwanzo tu. Kama ni mtu mmoja basi alibadili kwa makusudi.

Na ubadilishaji huo una akili yake. Alibakia kwenye herufi ileile na kwenye majina yaleyale ya heri, ila Faraji ni nafuu inayomfikia mtu mwenyewe baada ya dhiki. Mtu wa mtaani aliyezoea kumwita Fa... angeweza kumalizia kwa Faraji bila aibu ya kujisahihisha. Nimeona jambo kama hilo kwenye hati nyingine, lakini nimeona pia ndugu wawili wenye majina yanayokaribiana, kwa hiyo usilichukue kama ushahidi.

Ushahidi ni shamba. Rehani ya mwaka 1317 lazima imetaja mipaka minne: kibla shamba la nani, mashariki nani, na kuendelea, pamoja na idadi ya mikarafuu. Fanya hivi. Andika majina ya wenye mashamba ya jirani. Halafu tafuta karatasi yoyote ya Faraji au ya warithi wake inayotaja shamba. Kama hamna nyumbani, nenda Nyaraka pale Kilimani na jina la mtaa wa shamba, si jina la babu. Majirani wawili wakilingana kwenye mpaka uleule, huyo ni mtu mmoja au ni mrithi wake. Wakilingana na mashahidi pia, umefika. Usihesabu miti, miti inakufa.

Na tazama kabila kwenye cheti cha 1931. Kimeandika nini?

Mjukuu wa Mwera
Nimetazama sasa hivi. Mshirazi.

Mzee wa Nyaraka
Kwenye rehani?

Mjukuu wa Mwera
Mwalimu anasema kuna neno limefutika, linaanza na nun. Anadhani ni Nyasa.

Mzee wa Nyaraka
Basi usishangae. Linganisha sensa ya Unguja ya 1924 na ya 1931, utaona maelfu waliokuwa Waswahili wamehama kwenye jina hilo kwa miaka saba tu, na Washirazi wameongezeka. Babu yako, kama ni yeye, alibadilisha kila kipande kwa zamu: kwanza bwana, halafu jina, mwisho kabila. Miaka thelathini na kitu ilimchukua.

Kimya Kingi
Au ni watu wawili.

Mzee wa Nyaraka
Au ni watu wawili.

Mjukuu wa Mwera *(wiki tatu baadaye)*
Wakuu, mrejesho. Kilimani nimekwenda mara mbili. Nimepata karatasi ya warithi wa Faraji bin Abdallah ya mwaka 1938. Mpaka wa kibla ni ukoo uleule uliotajwa kwenye rehani. Mpaka wa kusini rehani inasema njia, hii inasema njia. Mashariki na magharibi majina ni mengine kabisa, lakini ni miaka karibu arobaini imepita. Mzee wa Nyaraka unasemaje?

Halafu jambo la pili. Nilikwenda Pemba kwa bibi mdogo, yeye ndiye aliyebaki, ana miaka 86 na masikio yake mazima. Sikumwambia habari ya watumwa, nilimuuliza tu kama amewahi kulisikia jina Faida nyumbani kwao. Akanyamaza kidogo, akasema mama yake, yaani Mwanaisha, aliwahi kumhadithia kuwa alipokuwa mtoto kulikuwa na mzee mmoja akija mlangoni kila mwezi mfungo sita, anabisha na kuuliza "Faida yupo?" Na baba yao yuko ndani, amekaa, anamwashiria Mwanaisha aende mlangoni akajibu "hayupo".

Bibi mdogo akasema: "Sisi siku zote tulijua ni mtu wa deni."

Jicho la Tatu
Nywele zimenisimama.

Ustadh wa Barazani
Allahu akbar. Hadithi ileile, mlango uleule.

Mzee wa Nyaraka
Mpaka mmoja na njia si haba, ila njia ziko nyingi. Kwangu mimi ni mmoja, kwa mahakama bado. Mtafute aliyenunua upande wa mashariki, na umuulize bibi mdogo huyo mzee wa mlangoni alikuwa wa ukoo gani.

Mjukuu wa Mwera
Nilimuuliza. Alisema hakumbuki, ila mama yake alisema alikuwa akija na tende.

Kimya Kingi
Mtu wa deni haji na tende.

Fundi Simu wa Mlandege
Inategemea anadai kiasi gani.